Javeli ya siku hizi ni maji matupu? Mtoto katapika Alhamisi, nyumba yote ikafuata

MamaNeema_Himbi · Jumanne, saa 2:10 usiku
Bandugu, jambo. Nina neno na hii javeli wanayotuuzia Goma. Kijana wangu wa miaka sita alitapika Alhamisi usiku katikati ya saluni: juu ya tapi, juu ya matela ndogo anayolalia, na yunifomu ya shule ilikuwa palepale. Nilimwaga javeli juu ya matapiko, nikapangusa na torsho, nikajipaka jeli ya alkoli iliyobaki tangu corona. Harufu ya javeli ilijaa mpaka kwa jirani. Jumamosi asubuhi nikaanguka mimi. Jumamosi usiku dada yake. Jumatatu koko, ambaye alikuja kututembelea tu kutoka Sake. Papa Neema peke yake ndiye amebaki mzima, naye alikuwa Bukavu. Wote tumepona sasa, kila mtu siku moja au mbili, lakini nasema: javeli hii ni maji yenye harufu. Nani ananipinga?

Chukudu_Express · saa 2:21 usiku
Mimi sikupingi mama. Pale Birere wanajaza katika chupa za maji ya kunywa, bila karatasi hata moja. Unanunua rangi ya kijani na imani.

Papa_Bolingo_Katindo · saa 2:25 usiku
Mlikula nini Alhamisi? Nyumba nzima kuanguka hivyo ni chakula. Sambaza zilizolala, au sombe ya jana. Nyinyi watu mnapenda kusingizia virusi.

Infirmye_wa_Ndosho · saa 2:58 usiku
Pole Mama Neema, na afadhali mmepona. Papa Bolingo, soma tena siku alizoandika. Kama ingekuwa sahani moja ya sambaza, wangeanguka karibu pamoja, usiku uleule au kesho yake. Hawa wamefuatana: Alhamisi, Jumamosi, Jumatatu. Hiyo ni gastro ya kirusi inayopita kutoka mtu hadi mtu, na ile ya kawaida zaidi nyumbani ni norovirusi. Tangu kuingia mwilini mpaka kutapika inachukua saa 12 hadi 48. Mama kuanguka Jumamosi asubuhi, yaani kama saa 30 na kitu baada ya kufuta sakafu, hapo hesabu inakaa vizuri kabisa.

Lakini koko wa Jumatatu hakai katika hesabu hiyo. Tangu Alhamisi usiku mpaka Jumatatu ni mbali mno. Koko hakupata kwa mtoto wala kwa sakafu ile ya kwanza. Alipata kwenu ninyi wa Jumamosi. Kwa hiyo hata kama javeli ingekuwa kali kama moto, kuna njia nyingine iliyobaki wazi nyumbani. Niambie: Jumapili nani alipika, na mnanawaje kabla ya kula?

MamaNeema_Himbi · saa 3:06 usiku
Jumapili nilipika mimi. Nilikuwa nimeacha kutapika tangu usiku, nikajisikia na nguvu. Bugali, samaki, na saladi ya avoka na nyanya kwa sababu koko anaipenda. Kunawa tunanawa kama kila mtu, beseni inazunguka meza, sabuni iko.

Mwalimu_Kahuzi · saa 3:15 usiku
Beseni inazunguka! Hapo ndipo penyewe. Wa kwanza ananawa, wa pili ananawa katika maji ya wa kwanza, wa tano anaingiza mikono katika supu ya vidole vya watu wanne, halafu huyohuyo anakata bugali. Kwetu Bukavu mama yangu anasimama na kopo, anamwagia kila mtu, maji yanaanguka chini. Beseni ni ya kupokea maji machafu tu.

Chukudu_Express · saa 3:17 usiku
Watu wa Bukavu na mvua yenu ya kila siku, maji ya kumwaga mnayo. Sisi bidoni tunanunua.

Mwalimu_Kahuzi · saa 3:20 usiku
Kopo moja la nusu lita linatosha watu wawili, usilie. Unalowesha mikono kidogo, maji yanasimama, unasugua na sabuni, halafu ndipo unamwagiwa.

Infirmye_wa_Ndosho · saa 3:41 usiku
Mwalimu amesema kweli, ila sitaapa kwamba ni beseni. Saladi nayo ni mshukiwa mkubwa. Mtu aliyetapika anaendelea kutoa kirusi katika choo kikubwa kwa wiki mbili na hata zaidi, ingawa amesimama na anacheka. Siku zile mbili za kwanza baada ya kupona ndizo mbaya zaidi. Ndiyo maana tunasema asishike chakula cha wengine mpaka saa 48 zipite tangu alipotapika au kuhara mara ya mwisho. Mama aliacha kutapika Jumamosi usiku, Jumapili saa sita akakata avoka kwa mikono. Bugali na samaki vimepita motoni, avoka haikupita popote.

Na ile jeli. Jeli ya alkoli inaua vitu vingi, lakini norovirusi inaivumilia. Haina lile ganda la mafuta ambalo kirusi cha corona kinalo, na ambalo alkoli inalivunja. Kinachosaidia ni sabuni na maji yanayotiririka, kusugua kwa sekunde 20 angalau, pamoja na kidole gumba na chini ya kucha. Sabuni hapa kazi yake kubwa ni kukitelezesha kirusi kitoke kwenye ngozi kiende na maji. Kwa hiyo maji yasipoondoka, kirusi nacho hakijaondoka.

Sista_Jolie_Lushi · saa 3:50 usiku
Mimi niko Lubumbashi, kwetu Kenya hapa (komini, si inchi, mbele hamjaanza). Mtoto wangu alichanjwa rota, karte iko na mihuri yote. Kwa hiyo hii ya kutapika haimuhusu, si ndiyo?

Infirmye_wa_Ndosho · saa 3:56 usiku
Chanjo ya rota ni ya rotavirusi, dada, na inazuia hasa kuhara kukali kwa watoto wadogo. Norovirusi ni kirusi kingine, na karte haikijui. Ulifanya vizuri kumchanja, ila mkono unanawa vilevile.

Sista_Jolie_Lushi · saa 3:57 usiku
Aksanti. Nilikuwa nimeshaanza kujisifu kwa jirani.

Fundi_Rangi_Majengo · Jumatano, saa 12:40 asubuhi
Turudi kwa javeli, mmeikimbia. Mimi javeli natumia kazini kuondoa ukungu ukutani, naijua. Mama alimwaga juu ya matapiko, si ndiyo? Basi hapo aliitupa. Javeli inakula uchafu wowote inaoukuta kwanza, mchele, maziwa, mate, kila kitu. Inapomaliza kula hivyo, nguvu imeisha, na kirusi kilicho chini bado kinapumua. Ukitaka ifanye kazi, toa uchafu kwanza, osha na sabuni, halafu javeli kwa mahali palipo safi.

Maman_Relais_Keshero · saa 1:15 asubuhi
Hapana Fundi. Mimi nilisaidia kituo cha kolera, na pale tulimwaga kloru moja kwa moja juu ya matapiko, na ndani ya ndoo. Hakuna aliyetoa kwanza. Kama ingekuwa kazi ya bure wasingetufundisha.

Infirmye_wa_Ndosho · saa 1:48 asubuhi
Mko sawa wote wawili, mama, lakini mnazungumzia maji mawili tofauti. Pale kituoni ile ya matapiko na ndoo ilikuwa ya 2%, inatengenezwa kwa HTH, na inaachwa ikae. Ni kali hivyo kwa sababu sehemu yake itapotea katika uchafu. Ya sakafu na vitanda huwa 0.2% mpaka 0.5%, na ya mikono 0.05%. Wanaokumbuka mwaka 2019, Ebola ilipofika Goma, ile ndoo ya robine iliyokuwa kila mlango ilikuwa ya 0.05%. Javeli ya barabarani isiyo na karatasi, huwezi kujua kama inafika kwenye 2% ya kituoni kwenu. Ukiimwaga juu ya bakuli la matapiko, Fundi ana haki.

Mimi nyumbani ninafanya hivi. Natoa watoto nje kwanza na kufungua madirisha, kwa sababu mtu akitapika kwa nguvu matone madogo yanaruka, na nisingependa mtoto mwingine asimame pale anatazama. Nafunga kashine puani. Kama sina glavu, sashe mbili ninazifunga mikononi. Nafunika matapiko na nguo kuukuu au karatasi nyingi ili yanywe, halafu nakusanya kutoka pembeni kuja katikati. Ukianza katikati unayapaka chumba chote. Sipigi ufagio mkavu hata kidogo. Vyote vinaingia katika sashe, nafunga, naweka sashe ya pili juu. Naosha pale na sabuni. Mwisho ndipo naleta javeli, na siipangusi palepale, naiacha sakafu ibaki imelowa dakika 10. Naenda mbali kuliko doa, mita mbili kila upande, na miguu ya meza, na kitasa cha mlango ambacho mgonjwa alikishika akikimbilia choo. Watu wote wanasahau kitasa.

Chukudu_Express · saa 1:55 asubuhi
Mita mbili kila upande, na nyumba yangu ni mita tatu. Basi mimi naosha mpaka kwa jirani.

Fundi_Rangi_Majengo · saa 2:04 asubuhi
Unachanganyaje? Hapo ndipo watu wanakosea.

Infirmye_wa_Ndosho · saa 2:30 asubuhi
Inategemea karatasi ya chupa. Kama imeandikwa 2.6%, kikombe kimoja cha javeli na vikombe vinne vya maji, unapata karibu 0.5%. Kama imeandikwa 12°, hiyo ni karibu 3.7%, basi kikombe kimoja kwa sita. Kuna ile ya 48° wafanyabiashara wanayoleta katika bidoni kubwa, hiyo ni zaidi ya 12% na inachoma ngozi, usicheze nayo. Mwenye HTH ya unga ya 70%, kijiko cha chakula kilichosawazishwa kwa lita mbili za maji.

Maji yawe baridi. Maji ya moto yanaifukuza kloru hewani, inakwenda kwa mapafu yako. Na changanya ya leo kwa leo, kesho yake imeshapungua. Chupa yenyewe ikae gizani. Ile iliyopangwa juani barabarani tangu asubuhi, hata kama ilizaliwa 12° sijui imebaki ngapi.

Kwa hiyo Mama Neema, chupa yako isiyo na karatasi, huenda ilikuwa maji kweli. Harufu haikuambii kitu. Kloru kidogo sana inatosha kujaza nyumba harufu.

MamaNeema_Himbi · saa 2:37 asubuhi
Asante Infirmye! Sasa Papa Bolingo amesikia.

Papa_Bolingo_Katindo · saa 2:41 asubuhi
Amesema "huenda". Na saladi ni chakula, kwa hiyo mimi nilisema chakula tangu jana.

Dada_Esta_Mabanga · saa 3:20 asubuhi
Naomba nionye kitu. Jirani alichanganya javeli na ile asidi ya kuosha choo, eti ipate nguvu. Alitoka anakohoa, macho yanatiririka, tukamwagia maji. Wengine wanaweka ndimu au vinega kuondoa harufu ya matapiko. Msifanye. Gesi inayotoka pale ni mbaya.

Infirmye_wa_Ndosho · saa 3:26 asubuhi
Dada Esta, kweli tupu. Hata mkojo mwingi katika choo kilichofungwa, javeli ikimwagwa juu inatoa moshi wa kuchoma. Maji kwanza, javeli nyuma.

Mama_Lavandyere · saa 5:02 asubuhi
Mmesahau nguo! Mimi naoshea watu nguo, hiyo ndiyo kazi yangu, na wateja wananiletea shuka zimekunjwa vizuri, nikikunjua ndani ni matapiko ya juzi. Siku hizi nauliza kabla ya kupokea. Yunifomu ya mtoto ulifanyaje mama?

MamaNeema_Himbi · saa 5:10 asubuhi
Niliikung'uta nje, nikaloweka na nguo nyingine usiku kucha, binti akafua asubuhi.

Mama_Lavandyere · saa 5:34 asubuhi
Binti! Yule aliyeanguka Jumamosi usiku? Basi mimi najua alipata wapi, sihitaji saa 48 za mtu.

Kukung'uta ni kurusha hewani. Uchafu mzito unaukwangua na kipande cha kartoni, unautia chooni. Nguo hiyo inapata beseni yake, haikutani na za wengine, maana katika kuloweka ndipo zinagawana. Naisuuza mara moja, maji hayo yanakwenda chooni, si mbele ya mlango. Halafu sabuni ya unga na maji ya moto kadiri nguo inavyovumilia. Shuka nyeupe na taulo nazichemsha kabisa, sufuria nzee juu ya mbabula, zikichemka naacha dakika kama kumi. Sufuria hiyo hairudi jikoni tena. Nguo ya rangi siiweki javeli, itatoka madoa na mteja ataniomba bei ya mpya. Naianika juani mpaka ikauke kweli, halafu pasi ya makala ikiwa moto sana, hasa kwenye mishono.

Nikimaliza naosha beseni na javeli, halafu mikono.

Maman_Relais_Keshero · saa 5:50 asubuhi
Na mtu asiende kufulia ziwani, tafadhali. Pembeni yako mwingine anajaza bidoni ya kunywa.

Chukudu_Express · saa 5:58 asubuhi
Sasa maji yote chooni, choo gani? Kwetu Ndosho chini ni jiwe la volkano. Choo kimechimbwa kwa nyundo, kina urefu wa mtoto wa miaka kumi. Nikimwaga beseni tatu kwa siku kinajaa, na parsele nzima tunakitumia, familia tano.

Infirmye_wa_Ndosho · saa 6:20 mchana
Hilo ni tatizo kweli, mdogo wangu. Suuza kwa maji machache, lita mbili tatu tu, hizo ndizo za chooni. Maji ya povu ya baadaye yana hatari ndogo, mwaga katika shimo mbali na watoto na mbali na tangi la maji. Na choo cha familia tano, hapo kitasa na kopo la choo ndivyo vya kufuta kwa javeli asubuhi na jioni mgonjwa akiwepo.

Mwalimu_Kahuzi · saa 6:31 mchana
Na matela? Hakuna aliyejibu matela.

Fundi_Rangi_Majengo · saa 6:40 mchana
Matela ni sponji, javeli haifiki ndani. Unaiharibu tu.

Mama_Lavandyere · saa 7:05 mchana
Sugua na sabuni ya moto, kamua na nguo kavu, isimamishe juani siku mbili tatu kila upande. Siku nyingine valisha plastiki chini ya shuka kabla ya mtoto kulala. Sisemi inakuwa safi kabisa.

Tantine_Wivine · saa 7:30 mchana
Kwetu tunamwaga majivu. Majivu yanamaliza kila kitu, hata mikono unanawa nayo. Javeli ya nini?

Infirmye_wa_Ndosho · saa 7:44 mchana
Tantine, majivu yanakausha matapiko vizuri na ni rahisi kuyazoa, mimi mwenyewe nayatumia uwanjani. Mikononi, kama sabuni haipo, ni bora kuliko maji matupu. Lakini siwezi kukuambia yanaua norovirusi juu ya sakafu ya simenti.

Kitu kimoja kwa wote, kwa sababu tuko Goma. Hii yote ni kwa gastro ya siku moja mbili. Mtu anayehara maji meupe kama ya kuosha mchele, mfululizo, macho yanaingia ndani, ngozi ukiibana inabaki imesimama, usikae unapima vikombe vya javeli. Hiyo inaweza kuwa kolera. Mnyweshe SRO njiani, na mpeleke saa hiyohiyo. Mtoto mchanga au mzee asiyekojoa vilevile. Koko alikunywa vizuri?

MamaNeema_Himbi · saa 8:02 mchana
Alikunywa, ameshaanza kunikaripia, kwa hiyo amepona. Lakini sikilizeni, kuna jambo limenichanganya. Nimetoka kuongea na mama wa upande wa pili wa parsele. Watoto wake wawili walitapika Jumatano. Jumatano, kabla ya kijana wangu! Hawakula kwangu, hawanawi katika beseni yangu. Choo tu ndicho chetu sote, na robine ya uwanjani.

Papa_Bolingo_Katindo · saa 8:05 mchana
Wanasoma shule moja na kijana wako?

MamaNeema_Himbi · saa 8:06 mchana
Darasa moja na mdogo wao.

Mwalimu_Kahuzi · saa 8:15 mchana
Shule. Chupa moja ya maji, vinywa ishirini.

Maman_Relais_Keshero · saa 8:17 mchana
Choo. Kopo la choo.

Mama_Lavandyere · saa 8:22 mchana
Hiyo ni ya kijana. Ya binti ni yunifomu, mimi sibadiliki.

Papa_Bolingo_Katindo · saa 8:24 mchana
Na ya koko ni saladi. Chakula.

Infirmye_wa_Ndosho · saa 8:50 mchana
Inawezekana kila mmoja alipita mlango wake. Mama Neema, usipike mbichi mpaka kesho, na binti naye asikamate sahani za wengine. Alipona lini?

MamaNeema_Himbi · saa 8:53 mchana
Jumatatu asubuhi.

Infirmye_wa_Ndosho · saa 8:55 mchana
Basi zake zimepita leo asubuhi. Aanze na vyombo, saladi bado.

Chukudu_Express · saa 9:10 alasiri
Binti hapa anasoma huu uzi anaomba zifike wiki mbili.

Sista_Jolie_Lushi · saa 9:31 alasiri
Swali la mwisho: nani anajua duka Goma lenye 12° na tarehe juu ya chupa? Shemeji yangu anapanda kesho, namtuma.

Fundi_Rangi_Majengo · saa 9:40 alasiri
Lushi mzima hakuna javeli? Mwambie aingie farmasi yoyote kubwa, si meza ya barabarani, na asome tarehe ya kutengenezwa. Ikiwa imezidi miezi michache, airudishe rafuni.